Kache ya video fupi kwenye simu yenye nafasi ndogo

Video fupi ya TikTok, ya Reels au ya Shorts haitoki mtandaoni ikaenda moja kwa moja kwenye kioo cha simu. Kwanza hushushwa, nzima au kipande, ikaandikwa kama faili kwenye hifadhi ya ndani, kisha programu huisoma faili hiyo na kuionyesha. Mtumiaji anapotazama video moja, programu tayari inashusha sekunde za mwanzo za zile zinazofuata, ili kidole kikipandisha tu, inayofuata ianze bila kusubiri. Faili hizo za muda ndizo kache. Video ikiisha, faili yake haifutwi papo hapo, maana mtu anaweza kurudi nyuma, au video ikajirudia yenyewe mara tatu nne, na kuishusha upya kila mara kungekula bando bure.

Ukubwa wake unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Tuseme video imebanwa kwa kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde, kiwango cha kawaida tu kwa picha inayotosha kioo cha simu. Video ya sekunde 30 itakuwa na megabiti 45. Gawanya kwa 8, zinabaki takriban MB 5.6. Saa nzima ya kutazama kwa kiwango hicho ni kama MB 675. Juu ya hapo kuna vipande vya video ambazo hazikutazamwa kabisa, zile zilizotangulizwa kisha mtu akafunga programu, pamoja na picha za wasifu, picha za jalada, sauti na matangazo. Mtu mwenye simu ya GB 256 hana haja ya kujua lolote kati ya haya. Mwenye simu ya GB 32, ambayo mfumo wenyewe umeshachukua karibu theluthi, hesabu hiyo inamgusa kila wiki.

Hata hivyo kache haikui bila mwisho. Watengenezaji wa programu hizi huweka kikomo cha ndani: kache ikifika kiwango fulani, faili ambazo hazijaguswa kwa muda mrefu zaidi hutolewa ili mpya zipate nafasi. Android nayo ina utaratibu wake. Tangu toleo la 8, lililotoka mwaka 2017, mfumo huipangia kila programu mgao wa kache kulingana na jinsi inavyotumiwa. Nafasi ikihitajika, kwa mfano wakati wa kusakinisha programu mpya, mfumo huanza kufuta kache za zile zilizovuka mgao wao. Ndiyo maana kache ya GB 1 kwenye simu yenye nafasi tele si kasoro. Mfumo huiacha ikae kwa sababu hakuna anayeidai nafasi hiyo.

Tatizo huanza pale simu inapokaribia kujaa. Kwa miaka mingi Android katika umbo lake la msingi imehesabu hifadhi kuwa imepungua pale inapobaki asilimia 5 au MB 500, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwenye simu ya GB 32 basi kizingiti ni MB 500. Chini ya hapo tahadhari hutokea, na programu huanza kushindwa kujisasisha, maana sasisho huhitaji nafasi ya faili mpya wakati ile ya zamani bado ipo. Nafasi ikizidi kupungua, kamera hukataa kurekodi, na WhatsApp hushindwa kupokea picha. Simu pia huwa nzito, hasa zile za bei ya chini ambazo chipu zake za hifadhi ni za polepole tangu mwanzo. Hapo ndipo watu wengi huanza kufuta picha za harusi na za watoto, wakati kilichojaza simu kiko kwingine.

Pa kutazama kwanza ni ukurasa wa hifadhi wa programu husika. Kwenye Android hufikiwa kupitia Settings, kisha Apps, kisha jina la programu, kisha Storage, au Storage & cache kwenye baadhi ya matoleo. Ukurasa huo huonyesha tarakimu tatu, na kuzisoma ndiyo kazi yote. Ya kwanza ni ukubwa wa programu yenyewe: msimbo wake, picha zake na vile mfumo ulivyouandaa msimbo huo uende kasi. Ya pili ni data ya mtumiaji. Ya tatu ni kache. Mtu hudhani kwamba kila kilichoshushwa na TikTok kitahesabiwa kwenye kache. Sivyo. Android haichunguzi faili ni ya nini. Hutazama tu imewekwa kwenye folda gani. Faili iliyo ndani ya folda iitwayo cache huhesabiwa kache na inaweza kufutwa na mfumo wakati wowote. Faili iliyo ndani ya folda iitwayo files huhesabiwa data, na mfumo hauigusi kamwe, hata simu ikijaa pomoni. Anayechagua folda ni mtengenezaji wa programu. Vichujio vya uso, athari za video, stika na zawadi za mubashara mara nyingi huwekwa upande wa data, ingawa vyote vinaweza kushushwa tena. Ndiyo sababu mtu anafuta kache, anafurahi dakika mbili, kisha anakuta programu bado imekalia zaidi ya GB 1.

Mfano mmoja ufuatwe hatua kwa hatua. Simu ni ya GB 32, mfumo na programu zake za kiwandani zimechukua GB 11, na imebaki MB 700 tu. Ukurasa wa hifadhi wa TikTok unaonyesha programu MB 420, data GB 1.3 na kache GB 1.6. Jumla ni zaidi ya GB 3.3, yaani karibu moja ya sita ya nafasi yote aliyoachiwa mwenye simu.

Hatua ya kwanza ni kubonyeza Clear cache, au Futa akiba kwenye simu iliyowekwa Kiswahili. Tarakimu ya tatu inashuka hadi sifuri au karibu na sifuri, na nafasi iliyo wazi inapanda hadi GB 2.3. Hakuna kilichopotea: akaunti bado imefunguliwa, ujumbe upo, video alizopenda zipo, kwa kuwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokaa kwenye kache. Hasara pekee ni kwamba picha na video zitashushwa tena zikihitajika. Kwa video fupi hasara hiyo ni ndogo, kwani mlisho huleta mpya kila mara na ni nadra mtu kurudia za juzi.

Hatua ya pili hufanyika ndani ya TikTok yenyewe. Kwenye ukurasa wa wasifu kuna mistari mitatu juu kulia, ndani yake Settings and privacy, na chini zaidi Free up space. Hapo kuna Cache, ambayo sasa ni tupu, na Downloads, ambamo mna athari, vichujio na stika zilizowahi kutumiwa. Katika mfano huu Downloads ni MB 500. Zikifutwa, data inashuka kutoka GB 1.3 hadi MB 800, na nafasi iliyo wazi inafika GB 2.8. Kichujio kitakachohitajika kesho kitashushwa upya.

MB 800 zilizobaki ndizo za kushughulikiwa kwa uangalifu, kwa sababu humo mna rasimu. Video iliyorekodiwa na kuhaririwa kwenye TikTok lakini haijachapishwa haiko kwenye seva; iko kwenye simu hiyo peke yake. Rasimu kumi za dakika moja zenye picha safi zinaweza kuchukua mamia ya megabaiti bila mwenyewe kukumbuka kwamba zipo. Kitufe cha Clear storage, ambacho kwenye simu za zamani huitwa Clear data, kinafuta rasimu hizo zote na kumtoa mtu kwenye akaunti. Kuondoa programu na kuisakinisha upya hufanya vivyo hivyo. Muuza nguo anayerekodi bidhaa zake Jumapili ili azichapishe wiki nzima anaweza kupoteza kazi ya siku kwa mguso mmoja, na hakuna mahali pa kuzidai. Kwa hiyo rasimu hupitiwa kwanza moja moja: isiyo na kazi inafutwa, yenye kazi inachapishwa kwa kuonwa na mwenyewe tu huku kitufe cha kuhifadhi kwenye simu kikiwa kimewashwa, kisha nakala inahamishiwa kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta. Nakala ikiachwa kwenye hifadhi ya ndani, hakuna nafasi iliyookolewa.

Rasimu zikishamalizwa, kama data bado ni kubwa kupita kiasi, ndipo Clear storage inapokuwa na maana. Kabla ya hapo ni vyema kuhakikisha nywila inakumbukwa, au namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti bado iko mkononi. Wengi waliofunguliwa akaunti na fundi au ndugu, kwa laini iliyokwisha kufungwa, hugundua wakati huo kwamba msimbo wa kuingilia unatumwa kwa namba isiyo yao tena.

Si kila programu inastahili kutendewa sawa. Kufuta data ya WhatsApp ni jambo la hatari kuliko la TikTok, kwa sababu mazungumzo yake hukaa kwenye simu, na bila nakala rudufu hayarudi. Tena kache ya WhatsApp huwa ndogo. Kinachoijaza simu ni picha na video za makundi, ambazo si kache hata kidogo. Ni faili za kawaida zilizo kwenye folda ya Media. Hizo huondolewa kupitia Settings ya WhatsApp, kisha Storage and data, kisha Manage storage, ambako faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi huwekwa pamoja. Video za TikTok zinazotumwa kwenye kundi la ukoo hukutwa hapo, wakati mwingine ileile mara nne kutoka kwa watu wanne.

Telegram imefanya jambo ambalo wenzake wangefaa kuliiga. Ndani ya Data and Storage, kisha Storage Usage, mtumiaji mwenyewe anapanga midia ikae siku ngapi kabla ya kufutwa, na kache isizidi kiasi gani. Faili iliyofutwa hubaki kwenye seva na hufunguka tena ikiguswa. TikTok, Instagram na Facebook hazimpi mtumiaji kikomo cha namna hiyo. Kwa hizo, kupunguza kache kunamaanisha kupunguza kinachoingia.

Njia ya kwanza ya kupunguza kinachoingia ni kuzuia utangulizaji. Instagram ina Data Saver kwenye mipangilio ya matumizi ya data, na ikiwashwa, video hazishushwi mapema simu inapotumia data ya mtandao wa simu. TikTok nayo ina Data Saver, ambayo hupunguza ubora wa video. Faili ikiwa ndogo, kache nayo hukua polepole. Zote mbili zimeundwa kwa ajili ya bando. Mtu anayetazama kwa Wi-Fi ya kazini au ya hosteli hataona tofauti kubwa, na kwa kawaida yeye ndiye kache yake hujaa haraka kuliko wengine, kwa kuwa hakuna kinachomfanya apunguze.

Kwenye Facebook jambo la kuzima ni uchezaji wa video bila kubonyezwa. Kwenye Settings, ndani ya Media, kuna Autoplay, na chaguo la mwisho ni Never autoplay videos. Bila kulizima, kila video inayopita kwenye mlisho huanza kucheza na kushushwa hata kama mtu alikuwa anatafuta tangazo la msiba tu. Hatua hiyo haiathiri Reels zikifunguliwa kwa makusudi, kwani huko video ndiyo ukurasa wenyewe.

Jambo jingine la kukagua ni video za kutazama bila mtandao. TikTok ina sehemu ya Offline videos, inayoshusha kwa mkupuo makumi ya video au zaidi ili zitazamwe safarini. Ni huduma nzuri kwa anayepanda basi la Mwanza alfajiri, lakini video hizo zimeshushwa kwa hiari na hubaki hadi ziondolewe. Vilevile video iliyohifadhiwa kwa Save video huenda kwenye albamu ya picha, na haipungui kwa kufuta kache yoyote.

Baada ya hatua hizi simu ya mfano ipewe wiki moja, kisha ukurasa wa hifadhi utazamwe tena. Kache ikirudi na kutulia karibu na MB 600 au 700, hicho ndicho kiwango cha kazi cha programu kwa mtumiaji huyo, na kuifuta kila siku ni kazi bure: inarudi ileile, na bando linaliwa mara mbili kwa picha na sauti zilezile. Kufuta mara moja kwa mwezi, au kabla ya sasisho kubwa, kunatosha. Kinachopaswa kumshtua mtu ni data, si kache, kupanda wiki hadi wiki bila rasimu mpya. Hapo dawa ni kuisafisha programu kabisa au kuibadilisha. TikTok Lite na Facebook Lite, iliyoanza mwaka 2015, zimetengenezwa kwa simu ndogo na mitandao dhaifu. Huchukua nafasi kidogo kuliko ndugu zao, ingawa baadhi ya zana za kuhariri hazimo. Anayetazama tu bila kurekodi hatazikosa. Anayetazama mara mojamoja anaweza hata kutumia kivinjari na kuacha programu kabisa, akivumilia kusumbuliwa kila mara aisakinishe.

Dukani kumejaa programu zinazoahidi kusafisha simu kwa mguso mmoja. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, ruhusa ya kufuta kache za programu nyingine imebaki kwa mfumo na programu zilizowekwa na mtengenezaji wa simu. Programu ya kupakua kutoka dukani haiwezi kufanya hivyo yenyewe. Kinachofanywa na baadhi yake ni kuomba ruhusa ya huduma ya ufikivu, ile iliyokusudiwa watu wenye ulemavu, ili zibonyeze Clear cache kwa niaba ya mwenye simu. Ruhusa hiyo huziwezesha pia kusoma kila kinachoonekana kwenye kioo, yakiwemo ya benki na ya pesa za simu. Nyingine huchora tu mshale unaozunguka na kuonyesha matangazo, huku zenyewe zikijaza kache zao.

Fundi mwenye kompyuta anaweza kufanya kazi hiyo kihalali kwa adb. Simu ikiwa imewashwa USB debugging na kuunganishwa kwa waya, amri hizi mbili zinatosha:

```
adb shell df -h /data
adb shell pm trim-caches 4G
```

Ya kwanza huonyesha nafasi iliyobaki kwenye sehemu ya data. Ya pili huuagiza mfumo ufute kache za programu zote hadi nafasi iliyo wazi ifike GB 4. Ikiwa simu tayari ina zaidi ya hapo, haifanyi kitu. Haigusi rasimu, mazungumzo wala picha, na hivyo ni salama kwa simu ya mteja ambaye hajui kilichomo ndani. Kache zote zikiisha kabla GB 4 hazijafikiwa, fundi amepata jibu: tatizo la simu hiyo si kache.

Kwenye iPhone hakuna kitufe cha kufuta kache ya programu moja. Ukurasa wa iPhone Storage, ndani ya General, huonyesha ukubwa wa programu na Documents & Data. Offload App, inayopatikana hapo, huondoa programu na kuacha data yake, kwa hiyo haisaidii pale data ndiyo iliyovimba. TikTok husafishwa kupitia Free up space kama kwenye Android. Instagram huondolewa na kusakinishwa upya.

Jambo la mwisho ni Facebook inayokuja na simu kutoka kiwandani. Kwenye simu nyingi za bei nafuu haina Uninstall, ina Disable na Uninstall updates tu. Toleo lake la kwanza limekaa kwenye sehemu ya mfumo, na kila sasisho huwekwa upande wa mtumiaji, likiwa ni nakala kamili ya pili. Kubonyeza Uninstall updates hurudisha nafasi ya nakala hiyo na kufuta data yake kwa pamoja, kisha Disable huzuia isijisasishe tena usiku. Nafasi ya lile toleo la kiwandani hairudi kwa njia yoyote, maana tangu mwanzo haikuwa kwenye hesabu ya mwenye simu.